Note Yenye Haikutaya Jina ya Muntu

Bapapa, bamama, na mweye bote benye mulikuja kutafuta kicheko, sogeleeni! Kicheko iko, lakini hii ya leo niliipika na maji ya macho.

Miye ni mufagiaji mu hôpital moya ya hapa Lubumbashi. Sikusoma. Lakini kama kufagia ingekuwa masomo, kule Kasapa, ku université, bangenipa kiti ya profesa, na bale benye diplome bangenibebea ufagio.

Basi, mu salle, kile chumba ya benye bamepasuliwa, mule njo alilalaka bibi yangu, mama ya batoto yangu. Bamemupasua tumbo, munganga akasema kila kitu iko muzuri. Kisha kidonda ikaanza kunuka. Haikuwa yake peke: jirani yake pia, na yule wa karibu na mulango pia. Miye niko nafagia, kila mara narudia ku kitanda yake kumugusa uso. Moto! Ungeweka sufuria pale, bukari, ugali yetu, ingeiva na majivu ingebaki.

Infirmière moya, mama mwenye kuuguza na kuangalia usafi, alikuwa anasimama mu kona na karatasi. Haangalie sura, anaangalia mikono. Muntu anagusa mugonjwa, ye anaweka alama: alinawa mbele? alinawa kisha? Nikamwendea.

"Mama, andika majina. Bafukuze hata mumoya, bibi yangu apone."

"Papa, nikitaya mumoya, kesho bote batanawa tu wakati banaona karatasi yangu. Miye nataka banawe hata kama hakuna mwenye kuangalia."

Nikarudia ku ufagio yangu. Alisema kweli, na moto ya bibi yangu ilikuwa inapanda.

Note, ile karatasi mama wa usafi aliandika, ikasomwa asubui, ku mukutano ya kazi. Ilisema hivi: sisi bote, kisha kugusa mugonjwa tunanawaka sana. Mbele ya kumugusa, tunasahau. Mbele ya kufungua kidonda, tunasahau zaidi. Robinet iko moya, iko mbali, na maji inakatika. Dawa ya alcool, ile ya kupakaa mu mikono bila maji, tunaifungiaka mu kabati sababu inaibiwa. Kuanzia leo chupa ikae ku kila kitanda. Na ba gants, ile mipira ya mikono, haichukue nafasi ya kunawa: ukiivaa na mikono chafu, umeichafula. Hakuna jina ya muntu humu; kazi ni yetu bote.

Ile saa kabati ikafunguliwa, chupa zikatundikwa ku vitanda. Nilifurahi karibu niruke mpaka Kipushi na kurudia na muguu moya!

Masikini. Ile "hakuna jina" njo ilituua.

"Ni ba usiku bale," bantu ya muchana bakasema.

"Usiku? Usiku tunanawaka mpaka ngozi inatoka! Ni ba stagiaires, bale banafunzi."

"Ba stagiaires? Hamutuonake siye na ba gants kila saa?"

Kelele! Nafikiri hata maiti ku morgue baligeuka upande ingine. Mukubwa ya salle akapiga meza: "Inatosha! Tuko jamaa moya. Tupeane mikono, tusibaki na hasira."

Munajua sisi watu wa hapa. Ukikatala mukono ya muntu, uko na kitu naye mu roho. Bakapeana mikono bote, munganga, ba infirmiers, ba stagiaires, kuzunguka meza nzima, banacheka. Miye nilikuwa natoka kumwaga beseni ya usaha, nikatoa kifundo ya mukono tu, vile tunafanyaka mikono ikiwa chafu. Munganga akakamata mukono yote, akaitingisha: "Papa, weye pia ni jamaa!"

Na toka pale, bote moya kwa moya, ku kitanda ya bibi yangu.

Chupa ilikuwa inaning'inia pale ku miguu yake. Munganga akavaa ba gants. Mama wa usafi akasema pole pole: "Docteur, dawa iko hapa."

"Mama, ile note nilisikia yote. Sikujiona ndani."

Akafungua pansement, kile kitambaa ya kidonda. Harufu ikasimamisha kila muntu. Kidonda imepasuka, nyuzi zinaelea.  Miye nilishika tu ufagio.

"Nani alibadilisha hii jana?" munganga akauliza.

"Haiko miye."

"Miye nilikuwa repos, ku nyumba."

"Miye nilinawa, uulize."

Kosa ikazunguka kitanda, mudomo kwa mudomo, kama ile mikono ya asubui. Bibi yangu akafungua macho. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo, lakini bote tulisikia:

"Kumbe ni kidonda yangu njo haikunawa mikono!"