Sekunde Ishirini na Nane za Mwisho

Siku mpiga picha alipowaona kwa mara ya kwanza, walikuwa wanagombana mlangoni pa studio yake. Mke alitaka picha ya pasipoti. Mume alitaka kujua jinsi ya kuzuia simu isitikisike wakati wa kurekodi. Kabla mpiga picha hajafungua kinywa kuwakaribisha, yule mama alimtazama shingoni akasema, "Nani amekushonea hilo shati? Kola imelala kama sikio la mbuzi."

"Msamehe, shemeji," mume akasema. "Huyu hata msibani hukagua mishono."

Tangu hapo akawa shemeji yao. Mama alikuwa fundi cherehani, na mumewe alimrekodi akifundisha: kukata kola, kuweka zipu, kupima sketi bila kupoteza kitambaa. Wanafunzi wa mtandaoni walimwita Mama Kola. Mume alipofariki, mpiga picha alishika kamera, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kumpa pole. Maneno yalikuwa yanamkwama kooni.

Miaka sita baadaye macho ya Mama Kola yakaanza kufifia. Daktari hakuzunguka: presha ya macho imekula mishipa, iliyobaki ni miezi. Wifi yake, dada wa marehemu, akasema atakuja kumchukua wakaishi pamoja.

"Video mpya sasa ndiyo basi," Mama Kola alimwambia mpiga picha. "Sitaki kumkata mtoto wa watu kidole mbele ya kamera. Hizi za zamani ndizo zitakazofundisha. Zipo ngapi?"

"Mia mbili na kumi na nne."

"Zimerundikana kama vipande chini ya meza ya kukatia. Mwanafunzi ataanzia wapi? Tuzichambue."

Wakakaa wiki tatu katika chumba cha kushonea, kompyuta juu ya meza ya pasi. Mpiga picha alichora daftari safu tatu: kustaafisha, kurekebisha, kubandika. Kwa kila video alisoma takwimu: wangapi wametazama mwaka huu, wamefikaje, wameondoka dakika ya ngapi, wanauliza nini kwenye maoni. Mama Kola alisikiliza huku akipapasa vifungo kwenye kopo.

"Kuweka zipu ya kufichwa," mpiga picha alisoma. "Ina miaka saba. Bado watu mia nne kila mwezi wanaitafuta."

"Hiyo haichuji. Iweke."

"Mitindo ya mwaka ule wa mabega mapana?"

"Mungu atusamehe. Staafisha."

Zile zisizochuja wakazipanga katika orodha tano, kila orodha kwa hatua zake: kwanza kujua mashine, kisha kupima, kukata, kushona, kumalizia. Mwenye kumaliza video moja aletewe inayofuata kama ngazi. Za kurekebisha walibadilisha vichwa, wakakata mwanzo mrefu palepale kwenye chaneli, ili kiungo, watazamaji na maoni visipotee. Na kuhusu kustaafisha Mama Kola aliweka sheria moja: "Kustaafu si kufa. Unaificha, watu wasiione. Hufuti. Na hakuna inayostaafu kabla hatujaitazama mpaka mwisho."

Video yenye watazamaji wengi ilikuwa ile ya kukata kola. Mstari wa takwimu ulionyesha theluthi moja ya watu wakitoroka katika dakika tatu za kwanza, marehemu anapowakaribisha wageni kwa sauti nzito ya kutangaza. Mama Kola alisikiliza, akacheka.

"Mume wangu huyo, anawafukuza wateja. Mkate. Halafu uibandike juu kabisa, mgeni aione kwanza."

Mpiga picha aliandika, lakini hakukata. Roho ilimwuma.

Yakabaki matangazo manane ya zamani yenye namba ya simu iliyokwishabadilishwa. Namba hiyo sasa ilikuwa ya bwana mmoja mkali, ambaye alikwisha kuandika mara tatu kwamba amechoka kuulizwa bei ya kushona suruali. Walikubaliana kuyastaafisha. Ijumaa mpiga picha alibaki peke yake na kazi hiyo. Alitazama dakika ya kwanza ya kila moja. Katika tangazo la duka lao kuhama aliona jambo geni: mstari wa takwimu ulianguka mapema, kisha mwishoni ukapanda kama kilima. Watazamaji mia tatu na kidogo tu kwa miaka yote, na wengi waliruka mpaka mwisho. Akadhani mitambo imekosea. Akaona pia kwamba kuficha ni kazi nusu. Yule bwana atulizwe kabisa. Chaneli ilimwuliza kama anaelewa kwamba kufuta ni kwa milele. Akaweka alama kwamba anaelewa. Mara nane.

Jumatatu wifi aliwasili, mwanamke wa vicheko, akiwa na sanduku tupu. "Nimeleta jeneza la vitambaa," alitania. "Wifi, ukipakia na mashine zote nitakuacha wewe."

"Ngoja kwanza," Mama Kola akasema. "Shemeji, tuwekee ile ya duka kuhama. Peleka mwisho. Wifi hajawahi kuisikia."

Mpiga picha aliondoa mkono kwenye kompyuta.

"Kaka yako alisahau kuzima simu," Mama Kola alimweleza wifi yake, uso umechangamka. "Sekunde ishirini na nane. Anatafuta miwani, ananilaumu mimi, anamlaumu paka wa jirani, na miwani iko kichwani pake! Unasikia anavyocheka. Huisikiliza kila nikikosa usingizi. Macho yakifunga, hiyo ninayo."

"Nimeifuta," mpiga picha akasema.

"Umeificha."

"Nimeifuta, shemeji."

Hakuna aliyelia mara moja. Walitafuta kwanza. Kadi ya kumbukumbu ya simu ya marehemu ilikuwa imerekodiwa juu yake mara kadhaa, maana siku zile kadi ilikuwa moja. Chaneli haikuwa na kapu la takataka la kuokotea. Mpiga picha aliwaandikia wenye mtandao, wakajibu kwa adabu kwamba kilichofutwa hakirudi. Hapo akawaeleza wale wawili kuhusu ule mstari uliopanda mwishoni, jinsi alivyouona na kuupita.

"Walikuwa mimi wote hao," Mama Kola akasema. Kisha akafunika uso kwa kitambaa alichokuwa amekishika.

Wifi alimgeukia. "Kaka yangu alikuita shemeji. Ulishindwa kuuliza swali moja?"

Baadaye mpiga picha alisema kwa sauti ndogo, "Ile ya kola sijaikata. Sauti yake imo. Tuiache ilivyo."

Mama Kola alitikisa kichwa. "Huyo ni mtangazaji. Mimi niliolewa na yule wa miwani." Akapangusa pua. "Ihifadhi nzima kwanza, kwako na kwa wifi. Halafu kata. Mtoto wa watu amekuja kujifunza kola, asisubiri msiba wangu."

Mpiga picha akaipakua nzima, akaihifadhi mahali patatu. Ndipo akakata zile dakika tatu, akaibandika juu. Kesho yake watu hawakutoroka tena mwanzoni. Alimsomea Mama Kola idadi, naye akaitikia tu, "Vizuri."

Walipoondoka, mpiga picha alibeba sanduku mpaka kwenye gari, akarudi kumshika Mama Kola mkono pale kizingitini. Alitaka kuomba radhi tena. Maneno yakakwama, kama kawaida. Tangu siku hiyo amebonyeza namba yake mara mbili na kukata kabla haijaita, kwa hiyo ya mwisho aliyosikia kutoka kwake ni yale aliyosema Mama Kola pale, akitafuta ngazi kwa mguu.

"Ukipiga simu, shemeji, sema. Usinyamaze ukidhani nakuona."