Salamu Wakati Pasi Inapata Moto

Shangazi yangu hushona gomesi, yale magauni marefu ya sherehe yenye mabega yaliyosimama, upande wa Uganda wa Busia, karibu na mpaka, na hajawahi kuanza kazi bila kusalimia. Mteja akija na kitambaa chake na haraka zake, ataulizwa kwanza habari za nyumbani, za shamba, za mvua na za mama mkwe. Akishajibu zote, ndipo shangazi anaitoa futi shingoni na kumpima.

Nilipomshawishi tufungue chaneli ya video za kufundisha kushona gomesi, sikufikiri salamu hizo nazo zingeingia. Nilikuwa nimerudi kutoka Kampala, nimechoshwa na kazi ya ofisi, na nilijipa hadi Krismasi. Chaneli ikikua, ningebaki Busia. Isipokua, ningefunga begi nirudi nilikotoka. Shangazi alilijua hilo. Alitaka nibaki, ingawa alichosema ni kwamba nyumba ina nafasi, basi.

Mwanzoni nilihesabu kitu kimoja tu: watu waliojiandikisha. Jumapili moja nilimwomba mzee wa kanisa anipe nafasi kwenye matangazo, nikasimama na kuwaomba waumini watoe simu wajiandikishe. Huku kwetu tukichangia jambo tunachangia kweli. Mabenchi mazima yalibonyeza, akina mama wakasaidiana, na walioachwa nyuma wakatazamwa vibaya kama walionyima sadaka. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mbunge. Video iliyofuata ikatazamwa na watu wachache kama ile ya kabla yake. Mtandao uliwaonyesha baadhi ya watu wetu wa kanisani, nao wakaipita bila kuifungua, kwa sababu hawakuwa na haja ya kujua bega la gomesi linasimamaje. Walikuwa wamenichangia, na mchango ulikuwa umekwisha.

Nilikasirika siku mbili tatu, halafu nikaanza kusoma takwimu vizuri. Nikageukia wastani wa muda wa kutazama, yaani mtu mmoja mmoja, kwa wastani, anakaa na video yako kwa muda gani kabla ya kuondoka. Video zetu zilikuwa za dakika kumi hivi, na wastani ulikuwa haufiki dakika mbili. Nikafungua mchoro unaoonyesha watu wanaondokea wapi. Mstari ulikuwa unaporomoka mwanzoni kabisa, pale shangazi anaposalimia kwa Kiswahili, kisha kwa Lusamia, kisha kwa Dhopadhola, kisha kwa Ateso, halafu anakumbuka Wajaluo. Wengi walikuwa wanaondoka kabla hawajaona hata mkasi.

Nikakata. Sikumwuliza shangazi, nilikata tu wakati wa kuhariri, video ikaanza moja kwa moja na kitambaa mezani. Nakiri nilifurahi. Wastani ulipanda hadi zaidi ya dakika tatu, na katika kila watazamaji mia, waliojiandikisha wakaongezeka kidogo, bila kanisa wala mzee wa kanisa. Mtandao ukaanza kutusukuma kwa watu wasiotujua. Nilimwonyesha shangazi simu nikidhani atanipongeza.

Aliitazama video yake mwenyewe hadi mwisho, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha mpakani, "Mwanangu, mtu nakwenda kwa nyumba ya watu, napiga hodi kwanza. Wewe naniingiza tu, kama mwizi."

Nikamweleza kwamba watu wa mtandaoni hawana subira. Akasema hao wasio na subira hata gomesi wataishona vibaya. Kwa siku kadhaa alikuwa akija mbele ya kamera kwa sababu yangu tu, akishona bila neno, na hilo liliniuma kuliko kama angegoma.

Baada ya wiki chache namba zikaanza kunichanganya. Wastani ulikuwa bado mzuri, lakini watazamaji kwa jumla walikuwa wanapungua. Kuna sehemu inayotenganisha watazamaji wapya na wale wanaorudi, yaani waliokwisha kutazama chaneli yako na sasa wamekuja tena. Nilikuwa naipita tu siku zote. Mstari wa wapya ulikuwa umepanda ukashuka. Mstari wa wanaorudi ulikuwa unashuka tu, taratibu, tangu wiki niliyokata salamu. Kwenye maoni mtu alikuwa ameuliza kama shangazi ana hasira nasi.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kushika mkasi. Nikarudi kwenye video za zamani, nikautenganisha ule mchoro: wapya peke yao, wanaorudi peke yao. Wapya waliporomoka kwenye salamu, kama nilivyoona. Wale wanaorudi walikaa. Mstari wao ulipita salamu zote, lugha baada ya lugha, karibu bila kushuka. Wastani ulikuwa umewachanganya mgeni wa leo na jamaa wa kila wiki kwenye sufuria moja, nami nikauonja mchuzi nikadhani nimezijua nyama zote.

Duka la shangazi ndilo lilinisaidia kuelewa. Kila siku mpakani hupita watu wengi sana, na wengine husimama muda mrefu wakishangaa gomesi zilizotundikwa. Kusimama kwao ni kuzuri, maana asiyesimama haingii. Lakini duka limekaa miaka yote hiyo kwa wale wanaorudi na dada zao. Kwetu pia ilikuwa hivyo. Muda wa kutazama ndio unaomfanya mgeni asikimbie, kujiandikisha ni ahadi tu, na chaneli inakua pale watu wanapokuja tena bila kuombwa.

Nikaenda kwa shangazi na ombi badala ya mkasi. Tuanze na bega lililokamilika na sentensi moja ya kusema leo tunashona nini, ili mgeni ajue amefika pa kufaa. Salamu tuziweke pale tunaposubiri pasi ya makaa ipate moto, maana pale hakuna cha kushona hata hivyo. Alifikiri, akauliza kama nitazikata tena. Nikamwambia hapana.

"Haya," akasema. "Lakini pale kwa bega mimi nasema karibu. Hiyo moja wacha."

Nikamwachia hiyo moja. Wastani ulishuka kidogo tu, na mstari wa wanaorudi ukaanza kupanda polepole.

Siku ya soko tulipeleka gomesi za harusi mjini Nagongera. Shangazi alikuwa akiuliza bei ya mtama, na mwuzaji, mama ambaye hatukuwahi kumwona, aliposikia sauti yake akaweka kipimo chini.

"Sisi huku ni wazima, mama," akasema. "Mvua nanyesha kidogo tu. Mama mkwe yangu nasumbuliwa mguu."

Alikuwa anajibu salamu za kwenye video. Kila wiki shangazi aliuliza, na kila wiki mama huyu alimjibu akiwa kwake, kwenye simu ya mwanawe. Nikamwuliza kama amejiandikisha. Akauliza hiyo ndiyo nini. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kuiomba simu nimbonyezee, shangazi akaushika.

"Wacha," akaniambia. "Mtu najibu salamu, wewe naomba simu."

Yule mama akatuambia kwamba zile wiki ambazo salamu zilipotea, alidhani shangazi amekufa, na hakutaka kuendelea kutazama mikono ya marehemu.

Krismasi ilipofika begi langu lilikuwa limejaa mabaki ya vitambaa, wala sikulimwaga. Lakini kwamba ningebaki nililijua mapema zaidi, wiki ile ile ya Nagongera, tulipokuwa tunarekodi. Pasi iliwekwa makaa, shangazi akasalimia wote kwa zamu, halafu akainama karibu na kamera.

"Na wewe wa mtama," akasema, "mguu ya mama mkwe naendelea namna gani?"

Akanyamaza, akasubiri, mpaka mwenzake ajibu vizuri. Mimi hukata kila kimya kwenye video. Kile nilikiacha chote.