Mkaguzi wa Giza

Ungethubutu kusema neno baya juu ya mume wa fundi cherehani, majirani wa jengo lile wangekutoa mbio. Mbaya? Yule? Yule aliyewafundisha wote kwamba pawabenki hata ukiiacha kabatini bila kuitumia huisha chaji taratibu, kwa hiyo lazima uichungulie mara kwa mara? Yule aliyemkuta mama wa ghorofa ya juu akihifadhi maji kwenye ndoo isiyo na mfuniko, akamwambia, "Mama, hayo ni maji ya mbu, si ya watu"? Walimpachika jina, Mzee Tahadhari, na wake za watu walimtumia kuwasuta waume zao: "Mwenzio anajali nyumba yake! Wewe umeme ukikatika unapapasa tu mfukoni kutafuta kiberiti."

Haya. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.

Ndani, Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya ukaguzi. Mzee Tahadhari alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, na alizungumza na nyumba yake kama anavyozungumza na stoo. Orodha alikuwa ameibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Alisimama mbele yake na kalamu sikioni, mkewe akisimama kando na vitu, akivitoa kimoja kimoja. Tochi kubwa ya chuma: washa, zima. Tochi za kuvaa kichwani: washa, zima. Betri za akiba zikae kwenye pakiti yake, zisiachwe ndani ya tochi isiyotumika, maana huvuja zikaila kwa ndani. Pawabenki: bonyeza kitufe, taa zote nne ziwake. Madumu ya maji yenye mifuniko, yamekaa kivulini, kila moja na tarehe yake, na yawatoshe wote kwa kunywa na kupika, si ya kunawa miguu. Chakula kisichoharibika na kisichohitaji moto mrefu: maharage ya kopo, samaki wa kopo, karanga, biskuti, unga wa uji. Na kifungua kopo cha mkono. Siku moja kifungua kopo hakikuonekana. Fundi alikuwa amemwazima jirani, akasahau kukidai.

Alimpiga kwa kifungua kopo hicho hicho, baada ya kumtuma akakilete.

Jamani, nasema kama lilivyo, sitalipamba. Mume huyu alipiga kwa utaratibu. Hakulewa, hakutukana. Alifunga dirisha kwanza. Akimaliza, alirudi kwenye orodha akaendelea kutoka pale alipoachia. Fundi naye alirudi kwenye cherehani, maana nguo za watu hazingoji, na mshono ukaenda upogo.

Alijua mumewe katokea wapi. Udogoni kwao, umeme ulikatika, mama yao akawasha mshumaa akauweka juu ya kopo, pazia likashika, na dada yake mdogo hakutoka. Alimsimulia mara moja tu, usiku wa harusi yao, akilia mpaka shati likalowa. Ndiyo maana mshumaa haukuingia nyumba ile. Ndiyo maana kila usiku kabla ya kulala alizunguka akizima swichi zote ukutani, hata ya cherehani, hata ya redio, akigusa kila plagi kwa kidole. Fundi alimhurumia miaka mingi sana. Huruma hiyo ndiyo iliyomkalisha pale. Aliiona kama deni kwa yule mtoto aliyeungua, ati yeye ndiye wa kulilipa kwa mgongo wake.

Ila binti yao hakuwa na deni hilo. Binti alikuwa amemaliza darasa la saba, kichwa chepesi, mdomo mwepesi zaidi, na baba yake hakuwahi kumgusa. Hapo ndipo fundi alipokuwa ameweka moyo wake wote. Mimi sawa, alijiambia. Yeye hapana.

Basi Jumamosi moja Mzee Tahadhari akachomoa kalamu sikioni, akamwita binti. "Umekua sasa. Kuanzia leo pawabenki ni zako. Zikikosa chaji nitakuuliza wewe, sitamuuliza mama yako."

"Sawa, baba," binti akasema, tena kwa furaha, kama aliyepandishwa cheo.

Fundi akadakia. "Baba, mwache kwanza afungue shule, mimi nita..."

"Nimesema na wewe?"

Binti alizifanya kazi zake vizuri. Usiku ule alichomeka pawabenki zote mbili, zilizokuwa karibu kuisha, kwenye ekstensheni nyuma ya kochi, akaziacha zishibe. Fundi mwenyewe alizipita asubuhi akifagia, akaona nyaya zimechomekwa, moyo ukatulia. Hakuinama kuzibonyeza. Angeinama!

Mvua ya upepo ilikuja siku iliyofuata, jioni. Mabati ya kioski cha chini yakang'oka, kitu kikalipuka upande wa transfoma, jengo zima likazimika. Watu wa ghorofa zote wakapiga lile yowe la watu wanaokatikiwa umeme. Kwa Mzee Tahadhari hakuna aliyepiga yowe. Aliwasha tochi ya chuma, akachomoa plagi ya friji na ya cherehani ili umeme usije ukarudi kwa kishindo ukaviunguza, akamwambia mkewe friji isifunguliwe ibaki na baridi yake. Alifurahi, mtu yule. Uso wake uling'aa. Alikuwa ameingoja siku hii.

"Pawabenki," akasema, akanyoosha mkono.

Binti akaleta. Baba akabonyeza ya kwanza. Kimya. Akabonyeza ya pili. Taa moja ikapepesa ikafa.

Fundi alikuwa ameshaanza kusogea. "Itakuwa waya mbovu, baba. Nilisikia hata wa jirani..."

"Nilizichomeka, baba," binti akasema. "Tangu jana. Njoo uone, nyaya ziko pale pale nyuma ya kochi." Kisha, maskini, mdomo ule mwepesi ukatangulia: "Ila swichi ya ukutani imezimwa. Wewe si ndiye uliyezima usiku? Wewe ndiye unayezimaga zote."

Ilikuwa kweli. Kweli tupu, na haikuwa na ubaya wowote. Katika nyumba nyingine watu wangecheka.

Hakufunga dirisha safari hii. Alimpiga binti kofi la mkono mzima, na binti akaenda ukutani kwa bega, akashuka mpaka chini, akakaa akishangaa. Damu ikamtoka mdomoni. Hakulia hata kidogo. Alimtazama baba yake kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa bahati mbaya.

"Simama," baba akasema. "Simama tuendelee. Maji."

Fundi akajitupa katikati. Hakupanga. Miaka yote alikuwa amejipanga kunyamaza, na sasa mwili wake haukumuuliza. Mzee Tahadhari akainua tochi ya chuma, ikamshukia mkononi alipojikinga, na kitu kikalia ndani ya mkono, kah! Akainua tena. Safari hii ikagonga ukingo wa meza, kioo kikapasuka, betri zikabingirika sakafuni, na giza likaingia lote.

"Tochi nyingine!" akafoka. "Iko wapi tochi nyingine?"

Sasa sikia jambo hili. Mwanamume yule aliijua orodha kwa moyo. Lakini hakuwahi kupanga kitu hata kimoja. Alikagua mchana, taa ikiwaka, akinyoosha kidole. Aliyeinama, aliyebeba, aliyefuta vumbi, aliyesogeza madumu kila wiki ni mkewe. Mke aliijua nyumba ile kwa viganja. Gizani, mwenye nyumba alikuwa mmoja tu.

Alivuta dumu la kwanza kwa mguu akaliweka njiani. Akamsikia mumewe akija, akamsikia akilikwaa, na mwili wake mzito ukaanguka, mfuniko ukafyatuka, na maji yakamwagika kwa kishindo. Fundi akapapasa, akampata binti kwa nywele, akampata kwa bega, akamnyanyua. Mkono ukamshika kifundo cha mguu. Mkono ule aliujua. Akapeleka mkono wake mzima kwenye rafu, akashika kopo la maharage, akainama akagonga. Akagonga vidole, akagonga tena, tena, tena, akisikia mifupa, na sauti yake mwenyewe ikitoka kifuani kama ya mtu mwingine, "Mwache! Mwache! Mwache mwanangu!" Alikuwa anashikwa yeye, si binti. Hakujua. Vidole vikaachia.

Akachomoa tochi mbili za kichwani kwenye msumari wake, akafika mlangoni. Hapo akasimama, kwa sababu nyuma yake sauti ilikuwa imebadilika.

"Mama," mumewe alikuwa akisema pale chini, kwenye maji. "Mama, niwashie. Usiniache gizani. Nakuomba." Alikuwa analia kama alivyolia usiku wa harusi.

Ile huruma ikapanda tena. Ilipanda nzima nzima, na kama angekuwa peke yake pengine angerudi, akamwosha damu, akamfunga vidole. Aliuhisi mkono wa binti ndani ya wake, umelowa. Akawasha tochi moja, akaiweka sakafuni ikimwelekea mumewe. Akatoka. Akavuta mlango.

Kwenye korido majirani walikuwa wamejaa na simu zao mkononi, mianga ikichezacheza ukutani. Yowe la fundi lilikuwa limepita kuta zote. Nesi wa mlango wa pili akatangulia, akamwinua binti kidevu, akamulika ule mdomo uliopasuka.

"Yesu! Nini hiki? Nani kakufanya hivi, mama?"

Binti akavuta pumzi. Akamtazama mama yake kwanza, haraka, jicho la kuuliza, kisha akasema vizuri kabisa, bila kukwama: "Hakuna, anti. Nimeanguka tu. Giza. Nimejikwaa kwenye dumu."

Hakuna aliyemfundisha mtoto yule maneno hayo. Hakuna aliyemkalisha chini. Lakini yalimtoka yakiwa yameiva, na sauti ile, na tabasamu dogo lile la pembeni ili mtu asiulize zaidi, vyote vilikuwa vya mama yake. Binti alikuwa ameyasikia mlangoni hapa hapa, mara ngapi, akiwa ameshika sketi ya mama yake.

"Pole, jamani," mama wa ghorofa ya juu akasema, naye akaamini. "Giza baya. Bahati Mzee Tahadhari yumo ndani."

"Hakuanguka," fundi akasema.

Mianga yote ya simu ikamgeukia.

"Baba yake kampiga. Sasa hivi. Na mimi hunipiga, miaka yote, na nyinyi nimewadanganya." Mkono uliovunjika ulikuwa unaning'inia. Kwa ule mwingine akaanza kufungua vifungo vya gauni lake la mikono mirefu, lile lililoficha alama za miaka hiyo. "Nesi, lete taa karibu. Karibu zaidi. Na wewe, mwanangu, usigeuke. Angalia."