Ulimi wa Bathsheba

Asubuhi kisiwani Mfangano, ziwa likiwa bado limejifunika ukungu, Bathsheba alipita polepole katikati ya nyavu zilizoanikwa omena, wale dagaa wa ziwani. Aliokota mmoja, akamtafuna upande wa kushoto, macho ameyafumba. Mchanga, unyevu, mafuta: yote ulimi ulimwambia. Wateja wa Migori walinunua magunia bila kuyafungua, maana Bathsheba kaonja. Ulimi huo ndio uliomsomesha mwanawe Austine tangu baba yake afariki.

Vidonda vya mdomo alivizoea. Vilikuja vidogo, vyeupe katikati, vyekundu pembeni, hasa akikosa usingizi au akila ovyo. Alisukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi, akaacha pilipili na ndimu, akanywa uji uliopoa, na siku kumi zikipita vimeenda zao. Sasa hiki kimoja, ubavuni mwa ulimi, kiligoma. Wiki ya tisa! Lakini hakikuuma, basi yeye akafurahi. Jamani, furaha gani hiyo! Akaendelea kusukutua na kuonja, siku zikimpitia kama mtu aliyesinzia juani.

Dorah, aliyeanika omena pembeni yake, ndiye aliyemshtua.

"Fungua mdomo, Mama Austine. Wee! Hiki kinazeeka huku unakibembeleza na chumvi? Twende."

Kwenye kituo cha afya, daktari Omwenga alikigusa kwa glavu. Pembeni kilikuwa kigumu, na mkabala wake palikuwa na jino lililovunjika.

"Vile vya kuja na kwenda, huenda ni uchovu ama upungufu wa damu. Tutapima," alisema. "Hiki ni kingine. Kidonda kikipita wiki tatu, kiume kisiume, lazima kiangaliwe."

"Si ni hili jino tu, daktari?"

"Labda. Tutalisawazisha, lakini hatungojei. Nakuandikia barua uende Homa Bay wakate kipande kidogo wakipime."

Bathsheba alisikia hilo neno "kata" tu. Akiwa kwenye boti ya kwenda Homa Bay, ziwa lilitulia tuli, na katika ule utulivu aliuona ulimi wake umeanikwa wavuni, ukikauka taratibu. Aliogopa, aliogopa sana. Homa Bay wakamchoma sindano ya ganzi, wakachukua kipande, wakamshona nyuzi mbili.

Wiki mbili baadaye alirudi huko na Dorah kuchukua majibu. Daktari Kemuma alivuta kiti karibu.

"Mama, ni saratani. Lakini ni ndogo na bado changa. Tutapiga picha ya shingo tuhakikishe haijasambaa, kisha tuondoe sehemu hiyo. Ulimi mwingi utabaki."

"Nitaonja?"

"Natumaini utaonja. Ungengoja mpaka kidonda kiume, nisingesema hivyo."

Bathsheba akaushika mkono wa Dorah, akaubana.

"Wiki tisa," alisema, machozi yakimtiririka. "Wiki tisa nilikuwa nikimshukuru Mungu kwamba hakiumi."