Jicho la Kushoto la Bibi

Kwenye zahanati ya macho walimwita Dada Kurunzi, kwa sababu ya kile kitochi chake cha kuchungulia nyuma ya jicho. Kazi hiyo haifanyiki kwa mbali. Pua yako inakaribia kugusa shavu la mgonjwa, na pumzi zenu zinakuwa moja.

Mdomo wake ulikuwa ukinuka mwaka wa pili sasa. Alipiga mswaki mara tatu kwa siku na kukwangua ulimi. Daktari wa meno alimsafisha fizi, asione jino bovu. Daktari wa koo alimtoa vijiwe vyeupe kwenye mafindofindo. Harufu ikapungua siku nne, ikarudi. Mwingine akampa dawa ya asidi ya tumbo, miezi miwili, isisaidie.

Siku moja bibi mmoja, mkulima mstaafu, aligeuza uso kitochi kilipomkaribia.

"Mwanangu, humu chumbani kuna panya amekufa?"

Dada Kurunzi alicheka, akarudisha kiti nyuma. Alimsomesha bibi herufi za ukutani, akamwandikia miwani. Kwenye faili, penye nafasi ya nyuma ya jicho, aliandika: kawaida. Hakuwa ameangalia.

Tangu hapo akawapima watu kwa mbali.

Mdogo wake ndiye aliyegundua. "Dada, mbona makamasi yako yanatoka tundu moja tu? Na ukiinama unashika shavu."

Alirudi kwa daktari wa meno na maneno hayo. Safari hii akapigwa picha. Gego la juu kushoto, lililozibwa zamani, lilikuwa limekufa ndani. Halikuuma kwa sababu lilikuwa limekufa. Mzizi wake ulioza, usaha ukapenya kwenye uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, ukawa unashukia kooni. Mswaki ungefikaje huko?

Jino liling'olewa. Akanywa dawa, akasafisha pua kwa maji ya chumvi. Baada ya wiki chache mdogo wake alimnusa mdomo kama anayenusa maziwa. "Umepona. Nibusu."

Bibi alirudi mwezi wa nane tangu apewe miwani, ameshikwa mkono na mwanawe.

"Miwani yako mbovu. Nagonga milango."

Dada Kurunzi alisogea na kitochi mpaka mashavu yakagusana. Mshipa wa fahamu nyuma ya jicho la kushoto ulikuwa umepauka, umebonyea kama kikombe. Presha ya macho. Wa kulia ulikuwa umeanza.

"Matone yatalinda la kulia," alisema.

"Na la kushoto?"

"Lililopotea halirudi, bibi."

Mwanawe alichukua faili, akasoma. "Hapa umeandika kawaida."

"Sikuangalia."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nanuka mdomo. Niliona aibu kumsogelea."

Kijana alimtazama kama anayesubiri sababu yenyewe. Bibi akapapasa meza, akaupata mkono wa Dada Kurunzi.

"Ungeniambia, mwanangu," alisema. "Ningebana pua."