Azimio la Kazi la Darasa la Kwanza

Nilipohamia shule ile ya upande wa Heru Juu, kitu cha kwanza nilichoonyeshwa ofisini kilikuwa karatasi pana zilizounganishwa kwa gundi na kubandikwa ukutani. Lilikuwa azimio la kazi la darasa la kwanza kwa mwaka mzima. Kushoto kulikuwa na umahiri mkuu, kisha umahiri mahususi, kisha shughuli za kujifunza. Baada ya hapo mwezi, wiki, idadi ya vipindi, kitabu cha rejea, na mwishoni zana za upimaji. Mwalimu mkuu alikuja nalo kutoka Kibondo mjini alikofundisha kabla, na shule nyingine za kata zilikuwa zimelinakili hivyo hivyo lilivyo. Lilikuwa kazi safi. Kila umahiri ulikuwa na muda wake na kipimo chake.

Kosa lake halikuonekana kwenye karatasi. Lilionekana darasani. Kibondo mjini darasa la kwanza hupokea watoto wengi wa wenye maduka, ambao Kiswahili wamekikuta nyumbani. Wetu walikuja na Kiha peke yake. Azimio liliwataka waanze kutambua sauti za herufi mara tu shule ikifunguliwa, kwa kutazama picha na kutaja sauti inayoanza jina la kilichochorwa. Mwalimu wa darasa aliinua picha ya maji, mtoto akasema sauti ya kwanza ni a, kwa sababu kwao maji ni amazi. Mtoto alikuwa ameelewa kazi. Kwenye orodha hakiki aliandikiwa hajafikia.

Mwalimu huyo alikuwa binti wa Rungwe Mpya, mzaliwa wa familia iliyotoka Burundi zamani na kupewa uraia. Alikuwa na cheti cha ualimu lakini hakuwa na ajira ya serikali. Alijitolea, akiishi kwa michango ya wazazi, na kila katikati ya mwaka kamati ya shule ilikaa kuamua kama ataendelea. Nafasi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mama yake. Mimi nilikuwa mwalimu wa taaluma, kwa hiyo maazimio yote yalipita mikononi mwangu kabla ya kusainiwa na mkuu.

Alinijia mwenyewe. Alisema hawezi kupima kusoma kwa lugha ambayo mtoto hajaisikia. Aliomba umahiri wa kusikiliza na kuzungumza uchukue miezi ya mwanzo, hadi likizo fupi ya Aprili. Herufi na silabi zifuate. Kusoma sentensi na kueleza alichosoma kuhamie muhula wa pili. Hakutaka kuondoa chochote kwenye muhtasari wa somo. Alitaka kupanga upya tu, na mwalimu anaruhusiwa kupanga kulingana na wanafunzi alionao.

Tulifanya kazi hiyo kwa siku kadhaa baada ya vipindi. Sikusomea mambo ya mitaala chuoni zaidi ya yale ya cheti. Niliyoyajua niliyapata kwa kusoma miongozo mstari kwa mstari, na ninapenda mambo yakae mahali pake. Tulihesabu vipindi vya muhtasari, tukatoa wiki za kuvuna maharage, ambapo nusu ya darasa huwa shambani, tukagawa vilivyobaki. Kila umahiri mahususi ulipewa kipimo baada ya kufundishwa, si kabla: mazungumzo ya ana kwa ana, kusimulia kwa picha, mkoba wa kazi za mtoto. Mkuu alilitazama kwa muda mrefu. Akamwambia mwalimu, kwa utani ambao nusu yake haikuwa utani, kwamba madam ameamua kufungua chuo cha Waha. Kisha akasaini.

Likafanya kazi. Kufikia mvua za mwisho, watoto waliokuwa wakijificha nyuma ya wenzao walisimama na kusimulia kwa Kiswahili jinsi mbuzi alivyoingia jikoni. Sauti za herufi zilipoanza, walizishika haraka. Mikoba yao ya kazi ilikuwa na ushahidi, na niliukagua mimi mwenyewe.

Kitu ambacho hatukukiweka kwenye azimio ni mtihani wa nusu mwaka wa kata. Hakukuwa na safu yake. Safu ya upimaji ni ya zana za mwalimu, na mtihani wa kata hautungwi na mwalimu wa darasa. Ulitungwa na walimu wa shule jirani, wakifuata azimio la Kibondo, maana ndilo wote walilokuwa nalo. Karatasi ilipofika, sehemu kubwa ilikuwa kusoma sentensi na kujibu maswali ya ufahamu. Kwetu hayo yalikuwa ya muhula wa pili.

Nilikwenda kwa afisa elimu kata nikiwa na maazimio yote mawili. Nilimwonyesha umahiri upi umehama na kwa nini, nikaomba darasa lile lipimwe kwa zana zake. Alinisikiliza kwa adabu. Alisema azimio letu halina kasoro, lakini fomu ya matokeo ina nafasi moja tu ya alama, na hawezi kuwaeleza wa wilayani kwamba shule moja itafika Septemba pale ambapo nyingine zimefika Juni.

Darasa letu likawa la mwisho katika kata.

Kamati ilikaa kwenye darasa la saba, kwenye madawati. Nilipewa nafasi ya kueleza. Nilieleza mpangilio, nikafungua mikoba ya watoto. Wajumbe waliitazama michoro kwa heshima, kisha wakarudi kwenye karatasi ya matokeo. Mzazi mmoja, mwenye duka la vifaa vya baiskeli, alisema mtoto wake siku hizi anamchosha kwa hadithi, lakini jina la dawa ya mbuzi hawezi kumsomea. Wengine wakacheka. Mama mmoja alisema mwalimu amewafundisha watoto kuongea tu, na kuongea hata yeye anajua bila kwenda shule.

Mwenyekiti alimgeukia mwalimu. “Binti yangu, watasoma lini?”

“Septemba, baba,” alijibu. “Nipeni mpaka Septemba.”

“Na sisi tunachangia tangu Januari.”

Mkuu hakusema kwamba azimio lina saini yake. Uamuzi wa kumwachisha ulipitishwa kwa mikono kuinuliwa. Mwalimu aliandika jambo fulani kwenye daftari lake la maandalio, akalifunga, akashukuru kwa Kiha na kutoka.

Muhula wa pili alikuja kijana mwingine wa kujitolea, na mkuu akaniagiza nirudishe azimio la Kibondo. Nililirudisha. Kwa kuwa lile la Kibondo lilihesabu herufi na silabi kuwa zimekwisha, kijana alianzia kwenye sentensi. Hakuwa mvivu. Alisoma yeye kwanza, watoto wakafuata kwa pamoja, mara nyingi kiasi kwamba kurasa zile ziliingia vichwani zote.

Septemba niliingia kukagua. Walisoma kwa sauti kubwa na bila kukwama. Nilimwomba msichana mmoja anionyeshe neno moja katika sentensi aliyokuwa anaisoma. Kidole chake kilitembea juu ya ukurasa mzima bila kusimama mahali, huku mdomo ukiendelea na sentensi ya ukurasa uliofuata. Kijana aliniangalia. Kwenye orodha hakiki, mbele ya majina yote, alikwisha kuweka alama ya vema chini ya neno amefikia.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulitumia kurasa zile zile, na darasa lilipanda hadi katikati ya orodha ya kata. Kamati ikampongeza kijana. Niliambiwa madam analima mihogo kwa mama yake Rungwe Mpya. Januari darasa lile liliingia la pili, ambako hakuna umahiri wa kutambua herufi kwenye azimio, na vitabu vyenye kurasa walizozijua vilibaki darasa la kwanza.