Diski ya Harusi ya Ruba

Rudayna hamwamini mtu. Hamwamini fundi wa kompyuta Muutasim, wala mimi ninayeuza vifuniko vya simu mlango wa pili. Hapa Amman anapiga picha na video za harusi za upande wa wanawake, mitandio ikiwa imevuliwa na simu zimeachwa mlangoni. Familia humwapisha: nakala moja tu, basi. Ndiyo maana harusi ya Ruba ilikuwa kwenye diski ile moja, na diski sasa inagonga tik, tik, wala haionekani kwenye kompyuta. Akisema picha zimepotea, mji mzima utasema ameziuza.

Alikuwa ameshazunguka maduka mengine. Kila fundi alimwapia kwa Mungu kwamba hataangalia, naye kila mahali alitaka ichomekwe mbele ya macho yake, tena na tena. Alipotusimulia, nilitamani kumnyang'anya.

Muutasim aliuliza kwanza nyumbani huichomeka wapi. Kwenye kigawio cha USB chenye matundu mengi, akajibu, pamoja na taa na kipanya. Akasema huenda inakosa umeme wa kutosha. Akachukua waya wa Rudayna akautia kwenye diski yake mwenyewe. Ikafunguka, kwa hiyo waya ni mzima. Kisha akaichomeka diski ya Rudayna kwa waya mfupi mpya, moja kwa moja nyuma ya kompyuta, penye umeme wa uhakika. Tik, tik. Akaichomoa papo hapo.

"Mbona umekata tamaa haraka hivyo?" Rudayna akauliza. "Unataka nikuachie, siyo?"

"Umeme upo, waya mzuri, bado inagonga. Kimeharibika cha ndani, dada. Kila ukiiwasha inaweza kujikwangua. Mimi siifungui hapa kwenye vumbi. Iende maabara ya kuokoa data."

"Kwa wanaume."

"Wapo."

Rudayna akampigia Ruba, akamwambia yote, mpaka habari ya wanaume. Sauti ya bibi harusi tuliisikia wote wawili.

"Nyanya yangu yumo humo, shangazi, anacheza. Tumeshamzika. Nitamwona wapi tena?"

Rudayna akakata simu. Akamkazia macho Muutasim kama anayemvizia mwizi.

"Wataziangalia?"

Nikadhani Muutasim ataapa kama mafundi wengine.

"Wataangalia chache, wahakikishe zinafunguka. Anayekuambia hawataangalia anakudanganya."

Rudayna akaifunga diski kwenye mtandio wake wa akiba, akaiweka mezani, akaisukuma kwa Muutasim kwa mkono wake mwenyewe.

Maabara waliokoa karibu picha na video zote. Tulipomkabidhi Rudayna, akatuomba tuangalie ukutani, akafungua video moja. Tukasikia vigelegele na makofi, kisha Rudayna akilia.

Bila kugeuka, Muutasim akamwambia anunue diski ya pili ya akiba.

"Nipe mbili," akasema. "Moja akae nayo Ruba."